Ukibadili faili la Word kuwa PDF, anza na fonti

Mwaka wangu wa kwanza katika steshenari, katibu wa chama cha akiba na mikopo alituletea taarifa ya mwaka kwenye flashi na kuagiza nakala 80 kwa ajili ya mkutano mkuu. Nililifungua faili, nikaligeuza kuwa PDF bila kulikagua, nikachapa. Nakala zilipofika kwake, yaliyomo yalisema kwamba jedwali la mikopo liko ukurasa wa 41, ilhali lilikuwa ukurasa wa 38. Mchoro mmoja ulikuwa umepanda juu ya maandishi, na taarifa ya kurasa 64 imekuwa ya kurasa 60. Gharama ya karatasi niliibeba mimi.

Niliamini kwamba yalikuwa makosa matatu, lakini chanzo kilikuwa kimoja. Katibu alitumia Word mpya, ambayo fonti yake ya kawaida ni Aptos, nayo kompyuta yetu ilikuwa na Word 2016, isiyokuwa na fonti hiyo. Faili la Word kwa kawaida hubeba jina la fonti tu na si maumbo ya herufi zenyewe, kwa hiyo programu isipoipata huchukua nyingine. Iliyochukuliwa kwetu ilikuwa na herufi nyembamba zaidi, mistari ikabeba maneno mengi, aya zikafupika, na kila kilichokuwa chini kikapanda. Namba za yaliyomo hazikufuata, kwa sababu Word huziacha zilivyo mpaka mtu azihuishe.

Kinachowadanganya wageni wengi ni kwamba kisanduku cha fonti huendelea kuonyesha jina la Aptos hata pale herufi zilizo mbele yako si zake. Ili kujua ukweli, fungua `File > Options > Advanced`, shuka hadi sehemu ya `Show document content`, kisha ubonyeze `Font Substitution`. Hapo utaona fonti zinazokosekana, na kama hakuna, Word itakuambia hivyo. Wanaotumia LibreOffice wana nafuu kidogo kwa baadhi ya fonti, kwa kuwa Carlito imepimwa upana sawa na Calibri, na Liberation Serif sawa na Times New Roman, hivyo mistari hukatika karibu palepale. Kwa Aptos au Garamond usitegemee bahati hiyo.

Kuhuisha yaliyomo kwa `F9` kungezipatanisha namba, lakini bodi ya chama ilikuwa imeshaipitia taarifa na kutaja kurasa zake katika muhtasari wa kikao, kwa hiyo kurasa zilipaswa kubaki zilivyokuwa. Katika hali hiyo PDF hutengenezwa kwenye kompyuta iliyoandikiwa, kwani huko fonti ipo. Nilimwomba katibu aende `File > Save As`, achague PDF, aache alama kwenye `Standard` badala ya `Minimum size`, ambayo hupunguza ubora wa picha, kisha aingie `Options` na kuweka tiki kwenye `PDF/A`, ili fonti zifungwe ndani ya faili lenyewe.

Picha zina jambo moja la ziada. Word huweza kuzibana kila unapohifadhi, na kilichobanwa hakirudi, kwa hiyo mwambie mteja aweke tiki kwenye `Do not compress images in file` kabla ya kuziingiza. Picha inayotakiwa kukaa na aya yake iwekwe `In Line with Text`. Ikielea, maandishi yakisogea kidogo tu itaangukia pengine. (Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida imeshabanwa kabla haijafika kwenye Word, iombwe kama hati.)

Katibu alipotuma PDF, niliifungua kwa Adobe Reader, nikabonyeza `Ctrl+D` na kuingia sehemu ya `Fonts`. Kila jina la fonti lilifuatwa na maneno `Embedded Subset`, yaani herufi zilizotumika zimo ndani. Jina lisilo na neno `Embedded` lingenitosha kuirudisha kazi. Idadi ya kurasa ilikuwa 64. Kurasa za mwanzo zilikuwa sita, zenye namba za Kirumi, na ukurasa wa 1 ulianza baada yake, kwa hiyo jedwali la ukurasa wa 41 lilipaswa kuwa karatasi ya 47 kwa hesabu ya faili zima. Nilikwenda ya 47, nikalikuta, nikachapa nakala moja, nikampa katibu aipitie kabla ya kuendelea na zile 79.