Mzigo haukufika au hatukuufikisha?

Jumatatu moja, saa 9:40 alasiri, simu yangu iliita kutoka Dodoma. Alikuwa afisa wa taasisi moja tunayoichapishia vitabu vya mafunzo. Hakusalimia, na mimi nikajua. Dereva wake alikuwa stendi ya Nanenane tangu saa 9:00 kamili akisubiri maboksi yetu: vitabu 120 vya washiriki na mabango mawili. Basi lilishaingia, abiria wameshuka, buti limefunguliwa, boksi hakuna. Semina ilikuwa inaanza kesho yake saa 2:30 asubuhi.

Kilichotokea ni hiki. Jumapili usiku kujalidi vitabu kulituchukua muda kuliko tulivyopanga. Basi tuliloahidi lilitoka stendi ya Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, saa 12:00 asubuhi, na kijana wetu alifika na maboksi saa 1:15. Akayaacha kwa wakala, akalipa, akachukua risiti, akarudi. Basi lililofuata lilikuwa limejaa vifurushi, wakala akayasogeza pembeni yasubiri nafasi. Hakuna aliyenipigia, na mimi sikumpigia mtu kuuliza. Mchana kutwa nilikuwa najua vitabu viko barabarani, kumbe viko Mbezi chini ya benchi.

Nilipokata simu nilikaa nikaandika barua pepe ya kwanza. Bado ninayo kwenye rasimu na huwa naisoma nikitaka kujicheka. Ilianza hivi: "Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu. Tunapenda kukutaarifu kuwa kutokana na changamoto zilizojitokeza ambazo zilikuwa nje ya uwezo wetu, mzigo wenu umechelewa kufika." Baada ya hapo kukawa na aya nzima ya mashine ya kujalidi, aya ya foleni ya Kimara, aya ya wakala, halafu mwisho: "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza."

Ukiisoma haraka ina adabu zote. Sasa itafute vizuri uone nani kafanya nini. Changamoto zilijitokeza. Mzigo ulichelewa. Usumbufu nao ukajitokeza. Kila kitu kimejifanya chenyewe, na sisi tumesimama pembeni tunatazama kama watu waliokuja kushuhudia ajali. Na ile "wowote" ndiyo mbaya kuliko zote, maana inamwambia mtu ambaye dereva wake yuko stendi juani kwamba huenda usumbufu upo, huenda haupo.

Kiswahili kinatupa njia rahisi ya kujificha na njia rahisi vilevile ya kutoka mafichoni. Mzigo umechelewa, tumeuchelewesha mzigo. Haukufika, hatukuufikisha. Tofauti ni silabi chache tu ndani ya kitenzi, lakini mteja anaisikia mara moja. Siku hizi, kabla sijatuma barua ya kuomba radhi, natafuta kila kitenzi na kuuliza mwenyewe wake ni nani. Kama mwenyewe ni mzigo, basi au changamoto, naandika upya.

Nimejifunza pia kuiacha "pole" ikae mahali pake. "Poleni kwa kusubiri" ni maneno mazuri ya kumwambia mtu aliyepatwa na jambo, hata kama huhusiki nalo. Ukiyatumia kwa jambo ulilolisababisha wewe, unajiweka upande wa wafariji. Mwenye kosa anaomba radhi kwanza. Pole inaweza kufuata, ikibidi.

Sikuituma ile rasimu. Kilichonizuia si busara, ni kwamba nilifika mahali pa kuandika "mzigo utafika" nikagundua sijui utafika lini. Hapo ndipo nilipoacha kompyuta nikashika simu, na tangu siku hiyo huo ndio utaratibu wangu: siandiki neno mpaka mzigo nimeuona uko wapi na nimejua utaondokaje. Nilimpata wakala, maboksi yote matano yakahesabiwa. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, lipo la saa 2:00 usiku kwenda Dodoma; nikamkatia tiketi kijana mmoja wa ofisini asafiri na mzigo badala ya kuuacha usafiri peke yake. Kisha nikampigia afisa, nikamwambia ukweli kwa maneno machache na kumwomba amrudishe dereva. Ilikuwa saa 10:30. Barua pepe ilitoka saa 11:15 jioni, na ilikuwa hii:

> Kichwa: Vitabu 120 hatukuvifikisha leo, vitakuwa ukumbini kesho saa 1:30 asubuhi
>
> Ndugu,
>
> Leo saa 9:00 alasiri tulipaswa kuwakabidhi vitabu 120 vya washiriki na mabango 2 katika stendi ya Nanenane. Hatukufanya hivyo. Tulipeleka mzigo Mbezi baada ya basi kuondoka, na hatukuwapa taarifa. Dereva wenu amesubiri saa moja na nusu bure. Kosa ni letu na tunaomba radhi.
>
> Mzigo wote uko salama. Mfanyakazi wetu anasafiri nao kwa basi la saa 2:00 usiku wa leo na ataufikisha ukumbini kwenu kesho Jumanne, si zaidi ya saa 1:30 asubuhi. Namba yake nimekutumia kwa ujumbe wa simu. Saa 11:00 alfajiri nitakutumia ujumbe mwingine kukueleza amefika wapi.
>
> Nimeambatanisha faili la ratiba na sura ya kwanza, ili muweze kuchapa nakala hapo Dodoma kama mtaona ni salama zaidi. Gharama ya kuchapa nakala hizo ni yetu, na gharama ya usafiri tumeiondoa kwenye ankara.

Chini nikaweka jina langu na namba yangu ya simu. Kwa simu huyu afisa namwita dada, naye ananiita kaka, na tulishataniana sana kuhusu Simba na Yanga. Kwenye barua nimeandika "Ndugu" kwa sababu nilijua haitaishia kwake. Ana mkurugenzi juu yake ambaye atamuuliza vitabu viko wapi, na jibu lililo rahisi kwake ni kubonyeza na kuisambaza barua yangu kama ilivyo. Ndiyo maana inataja idadi, siku, saa na mahali, mambo ambayo afisa mwenyewe anayajua tayari. Ndiyo maana pia kichwa kinabeba habari yote. Mkurugenzi akiona kwenye simu yake asipofungua hata mwili wa barua, ameshajua vitabu vitafika saa ngapi. Kichwa cha "Kuomba radhi" kingemlazimisha afungue ili ajue ameombwa radhi ya nini.

Sasa kuhusu maelezo. Sababu nimeitaja kwa sentensi moja: tulipeleka mzigo baada ya basi kuondoka. Mashine ya kujalidi sikuitaja, foleni sikuitaja, benchi la wakala sikulitaja. Yote yalikuwa kweli. Kipimo ninachotumia ni kujiuliza kama maneno hayo yanamsaidia mteja kuamua jambo. Kujua kwamba tulikosa basi kunamsaidia, kwa sababu anaelewa vitabu vipo, vimekamilika, na tatizo ni safari tu. Angedhani havijachapwa angeanza kutafuta mchapaji mwingine usiku ule. Kujua kwamba gundi ilichelewa kukauka hakumsaidii chochote, na kunampa kazi ya kuhurumia mashine yangu.

Kuna maelezo mengine ambayo ni kweli na yanaumiza zaidi yakiandikwa. "Kijana wetu alichelewa kufika stendi" ni mfano. Mteja hana mkataba na kijana wangu, ana mkataba na mimi. Tukikaa ofisini tutazungumza na kijana, na pengine tutagundua kwamba aliyempa maboksi saa 12:20 ndiye wa kulaumiwa, yaani mimi. Msiba na ugonjwa nao huwa naviacha nje, hata vikiwa vya kweli, kwa sababu vinamfunga mteja mdomo. Hawezi tena kukasirika, ila hasira haijaondoka, imehifadhiwa.

Ile saa 1:30 niliihangaikia. Wakala alisema basi huingia Dodoma saa 10:30 alfajiri. Mkono uliniwasha kuandika "saa 12:00", kwa sababu mtu ukishakosea unatamani kumfurahisha uliyemkosea. Mhasibu wetu ndiye aliyenishika: semina inaanza saa 2:30, mwahidi saa ambayo hata basi likipasuka tairi utaitimiza. Na kweli, saa 11:00 alfajiri nilipompigia kijana walikuwa Kibaigwa, kama kilomita 90 kabla ya Dodoma. Nikamwandikia afisa: "Wako Kibaigwa. Saa 1:30 bado iko palepale." Maboksi yaliingia ukumbini saa 1:10. Ningeandika saa 12:00 ningekuwa nimekosea mara ya pili ndani ya siku moja, na barua ya pili ya radhi hakuna anayeisoma kwa moyo.

Kuhusu fidia, nilitoa vitu viwili nilivyoweza kuvihesabu kwa shilingi kabla ya kutuma: usafiri na nakala za dharura. Sikuandika "tutafidia hasara yoyote mtakayopata", ingawa vidole vilikuwa vinakwenda huko. Kama mkataba una kipengele cha faini ya ucheleweshaji, kitajisemea chenyewe na mtakaa mzungumze. Barua ya jioni ile ni ya kueleza kilichotokea na kitakachofanyika, na kukiri kosa hakukulazimishi kusaini hundi ambayo haijaandikwa kiasi.

Baada ya mzigo kupokelewa niliandika mara moja tu, mistari miwili: vitabu 120 na mabango 2 vimepokelewa ukumbini saa 1:10, hati ya makabidhiano iliyosainiwa imeambatanishwa. Radhi sikuirudia. Nimewahi kumwomba mteja mwingine radhi mara nne kwa kosa moja, hadi akaanza kunifariji yeye, na nadhani alichoka zaidi na radhi kuliko na kosa.

Baadaye niliona jinsi barua yangu ilivyokwenda kwa mkurugenzi, kwa sababu alinijibu moja kwa moja huku mnyororo wote ukionekana. Afisa alikuwa ameongeza maneno mawili tu juu yake: "Kwa taarifa." Mkurugenzi naye aliniandikia "Tumepokea." Nakala za sura ya kwanza walikuwa wamechapa 30 usiku uleule, risiti yake ikaja kwangu wiki iliyofuata nikailipa.

Oda yao iliyofuata ilikuja miezi miwili baadaye ikiwa na sharti ambalo halikuwepo mwanzo: mzigo ufike Dodoma siku mbili kabla ya tukio. Nilisaini bila kuuliza.