Neno la afisa na neno la muulizaji

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko redio ya jamii, huu ni mwaka wangu wa kwanza. Juzi nimepewa maandishi ya mkutano wa afisa mmoja na waandishi wa habari, kurasa 11, mhariri anataka habari ya maneno 150. Niliyoandika yamerudishwa yakiwa na wino mwekundu: "Hili hakusema yeye, hili aliuliza mwandishi." Nitenganisheje bila habari kuwa ndefu?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kosa hilo huanza kwenye kusoma, kabla hujaandika neno. Mtu akisoma maandishi ya mkutano kama anavyosoma hotuba, anafuata mada na kumsahau msemaji. Akifika ukurasa wa tano anakumbuka kwamba "palizungumzwa habari ya bei", lakini nani aliyeitaja bei kwanza hakumbuki tena.

Kwa hiyo shika kalamu upitie kurasa zote, na pembeni ya kila kifungu uweke herufi. Mimi natumia nne. T ni tamko ambalo afisa amelitoa mwenyewe, bila kuulizwa. W ni waraka anaousoma. S ni swali. J ni jibu. Wengi huweka mbili tu, swali na jibu, na hapo wanapoteza jambo kubwa: waraka una uzito wa ofisi nzima, ila jibu la papo kwa papo lina uzito wa mtu mmoja na kile anachokijua dakika ile.

Mkutano ninaoutumia siku zote kulifundisha hili ni wa Berlin Mashariki, mji mkuu wa Ujerumani Mashariki ya wakati ule, nchi iliyowazuia raia wake kusafiri nje kwa uhuru, tarehe 9 Novemba 1989. Günter Schabowski, mjumbe wa Politburo, yaani kamati ya juu ya uongozi ya chama tawala cha SED, alianza kuzungumza na waandishi saa 12 jioni, na televisheni ikirusha moja kwa moja. Karibu saa nzima ilipita bila jambo kubwa. Dakika chache kabla ya saa 1 usiku yakaja haya. Walizungumza Kijerumani, hapa nimefasiri na kufupisha, na herufi nimeziweka mimi.

S – Riccardo Ehrman, shirika la habari la ANSA, Italia: Umezungumzia makosa. Huoni kwamba ile rasimu ya sheria ya safari mliyoitoa siku chache zilizopita ilikuwa kosa kubwa?

J – Hapana, sidhani. (Anaeleza kwa kirefu, kisha:) Leo tumeamua kuweka utaratibu utakaomwezesha kila raia kutoka nchini kupitia vituo vya mpakani.

S – Kuanzia lini?

W – (Anavaa miwani, anasoma:) Safari binafsi za nje zinaweza kuombwa bila kutimiza masharti ya sababu ya safari au undugu. Vibali vitatolewa haraka. Idara husika za polisi zimeagizwa kutoa bila kuchelewa viza za kuhama moja kwa moja.

S – Unaanza kutumika lini?

J – Kwa ninavyojua mimi… ni sasa hivi, bila kuchelewa.

S – Umetaja Ujerumani Magharibi tu. Na Berlin Magharibi je?

W – (Anatazama karatasi:) Kuhama kunaweza kufanyika kupitia vituo vyote vya mpaka kwenda Ujerumani Magharibi, na pia Berlin Magharibi.

S – Daniel Johnson, Daily Telegraph: Ukuta wa Berlin sasa utakuwaje?

J – (Kwa kirefu:) Suala la safari peke yake halijibu swali la kuwepo kwa mpaka huu wenye ngome.

Sasa tafuta katika W na J maneno "mpaka umefunguliwa". Hayamo. Waraka unasema watu *wataomba*, na vibali *vitatolewa*. Hata hivyo taarifa ya habari ya ARD, televisheni ya Ujerumani Magharibi, saa 2 usiku, ilibeba kichwa kinachosema Ujerumani Mashariki yafungua mpaka. Watu walimiminika kwenye vituo, na yapata saa 5 na nusu usiku askari wa kituo cha Bornholmer Straße wakaacha umati upite. Hayo ni ya baadaye. Aliyekuwa na maandishi ya mkutano mkononi saa 1 usiku hakuwa nayo.

Tazama pia lile "sasa hivi". Ni J, tena limetanguliwa na "kwa ninavyojua mimi". Na maneno "bila kuchelewa" tayari yalikuwa kwenye karatasi, yakihusu utoaji wa viza. Mpango wa serikali ulikuwa kuutangaza utaratibu huo saa 10 alfajiri ya tarehe 10 Novemba, na Schabowski hakuwa na habari kwamba tangazo lilizuiwa mpaka saa hiyo. Mahali alipositasita ndipo hasa alipokuwa hajui. Ukilikata "kwa ninavyojua" ili kuokoa maneno mawili, umeigeuza hisia ya mtu mmoja kuwa agizo la serikali. Vifungu vya kusita vya aina hiyo, kama "nadhani", "nikikumbuka vizuri" au "nitathibitisha", visiguswe hata kama nafasi ni finyu.

Habari fupi ya mkutano ule mimi ningeiandika hivi:

> Raia wa Ujerumani Mashariki wataweza kuomba safari binafsi za nje bila masharti yaliyokuwapo, unasema waraka uliosomwa jioni hii na mjumbe wa Politburo, Günter Schabowski, mjini Berlin Mashariki.
>
> Kwa mujibu wa waraka huo, vibali vitatolewa haraka. Polisi wameagizwa kutoa bila kuchelewa viza za kuhama, na wanaohama wataweza kupita vituo vyote vya mpaka na Ujerumani Magharibi na Berlin Magharibi.
>
> Alipoulizwa utaratibu huo unaanza lini, Schabowski alijibu kuwa, kwa anavyojua yeye, ni sasa hivi.
>
> Kuhusu Ukuta wa Berlin, aliouliziwa na mwandishi wa Daily Telegraph, alisema suala la safari peke yake halijibu swali hilo.

Hayafiki maneno 100. Aya mbili za kwanza ni W tupu. Ya tatu ni J, na "alipoulizwa" inamwambia msikilizaji kwamba afisa hakulileta hilo mwenyewe. Swali la Ehrman halimo kabisa, ingawa ndilo lililofungua mlango, kwa sababu maoni kwamba rasimu ilikuwa kosa kubwa yalikuwa yake, na afisa aliyakataa. Ungeandika "Schabowski azungumzia kosa kubwa la rasimu ya safari" ungekuwa umefanya lilelile lililokurudishia karatasi.

Utaona pia kwamba sikumtaja aliyeuliza "lini". Ehrman alijitambulisha, kwa hiyo swali lake lina mwenyewe. Swali la lini lilirushwa kutoka katikati ya makelele, na kwa miaka mingi limekuwa na ubishi: Ehrman alisifiwa kwalo, na Peter Brinkmann wa gazeti la Bild naye alisema ni lake. Kama maandishi hayaonyeshi jina, andika "alipoulizwa" uendelee mbele. Jina la mwandishi au chombo chake liingie pale tu linapomsaidia msikilizaji.

Swali lenyewe naliingiza kwa sababu mbili tu: jibu halieleweki bila hilo, au afisa amekwepa na kukwepa kwake ndiyo habari. Ukifika kwenye kukwepa, andika ulichokiona: "Hakutaja kiasi alipoulizwa mara mbili." Usiandike "alishindwa kujibu", maana hujui kama alishindwa au alikataa.

Lugha yetu ina mtego wake, nao ni "ndiyo". Mwandishi anauliza, "Bado hamjawalipa wakulima?" Afisa anajibu, "Ndiyo." Kwa Kiswahili cha kawaida amekubali kwamba hawajalipwa. Lakini wapo wanaosema "ndiyo" wakimaanisha wamelipa, na kwenye maandishi sauti haisikiki. Nikiwa kijana niliandika habari kwa "ndiyo" ya namna hiyo, nikatangaza kwamba malipo yamekamilika. Asubuhi yake wakulima walikuwa mlangoni petu na vitabu vyao vya mauzo mikononi, kurasa za malipo zikiwa tupu. Tangu siku ile, "ndiyo" au "hapana" iliyosimama peke yake baada ya swali la kukanusha siitumii mpaka nimsikilize kwenye kinasa sauti, na kama bado haieleweki nampigia simu msemaji nimwombe sentensi nzima.

Swali lenye madai ndani yake lina hatari hiyohiyo. "Kwa kuwa mradi umekwama, mtachukua hatua gani?" Afisa anajibu, "Tutaongeza wakandarasi." Alichosema ni kuongeza wakandarasi. Kukwama ni neno la muulizaji, na kunyamaza kwa afisa si kukubali. Andika: "Alisema wataongeza wakandarasi, alipoulizwa kuhusu mradi ambao mwandishi alidai umekwama." Ni ndefu kidogo, lakini kila neno liko kwa mwenyewe. Kama huna nafasi, toa "kukwama" na ubakize wakandarasi.

Vitenzi navyo vinapendelea. "Amesema" na "ameeleza" havina upande. "Amekiri" humfanya aonekane alikuwa anaficha. "Amebainisha", linalopendwa sana kwenye vyumba vyetu vya habari, humpa mkono kwamba analosema ni kweli na limethibitika. "Amekanusha" hubeba swali ndani yake, kwa hiyo ukilitumia lazima useme nani alitoa tuhuma. Na "imeelezwa kuwa" ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu haina mtu. Ndani yake swali na jibu vinalala kitanda kimoja.

Kwa kuwa uko redioni, kumbuka kwamba alama za kufunga na kufungua semi hazisikiki. Mtangazaji akisoma "Mradi umekwama, amesema afisa", anayepika jikoni amekwisha kuamini kabla hajasikia nani kasema. Mtangulize msemaji: "Afisa amesema…" Na kila unapotoka kwenye waraka kwenda kwenye jibu, taja tena, hata kama macho yako yanaona ni kurudia.

Ukimaliza, rudi kwenye rasimu yako na pembeni ya kila sentensi andika namba ya ukurasa na herufi: uk. 4 W, uk. 7 J. Sentensi itakayokosa herufi ni yako wewe, itoe. Itakayopata S peke yake, bila J wala W, isibaki ikiwa na jina la afisa mbele yake. Kwa habari ya maneno 150 kazi hiyo inakula dakika kumi hivi. Karatasi yenye herufi hizo mpe mhariri pamoja na habari, aone kila sentensi imetoka wapi.