Sentensi hii ina kosa la sarufi, au ni ngeni tu masikioni?

Ukiwa ndiyo kwanza unaanza Kiingereza, utakutana na sentensi ambazo hujui uziweke wapi. Chukua hizi mbili:

"The spoon explained the problem to me."
"She explained me the problem."

Wanafunzi wengi niliowafundisha huikataa ya kwanza papo hapo, kwa sababu kijiko hakielezi kitu. Ya pili huipitisha bila wasiwasi. Kumbe ni kinyume. Ya kwanza haina kosa lolote la sarufi, na ya pili ndiyo iliyovunjika. Sikio limedanganyika kwa sababu mbili: katika ya kwanza limesikiliza maana badala ya muundo, na katika ya pili limesikiliza Kiswahili. Sisi tunasema "alinieleza tatizo", mtu anaingia ndani ya kitenzi bila daraja lolote, kwa hiyo "explained me" inapita kama kitu tulichokizoea.

Kwa hiyo usianze kwa kuliuliza sikio. Ichezee sentensi uone inafanyaje.

Jambo la kwanza la kufanya ni kuacha muundo kama ulivyo na kubadilisha majina ya watu na vitu. Toa "spoon", weka "teacher": "The teacher explained the problem to me." Sentensi imekaa sawa kabisa, na hukugusa mpangilio wa maneno wala kihusishi. Basi muundo haukuwa na tatizo tangu mwanzo. Kilichoshangaza ni kijiko. Sasa fanya vivyo hivyo kwa ya pili: "The teacher explained us the lesson." Umebadilisha kila nomino na kila kiwakilishi, na bado ni mbovu. Ubovu usiotoka hata ukibadilisha wahusika wote umo kwenye muundo.

Hapo mwanafunzi makini huuliza swali zuri: mbona nikibadilisha kitenzi, sentensi inapona? "The teacher showed us the lesson" ni sahihi. Je, si kwamba neno "explain" ndilo geni hapo, kama kijiko kilivyokuwa kigeni?

Ndiyo maana kuna jaribio la pili, nami naliamini kuliko la kwanza. Safari hii acha maneno yaleyale, ubadilishe muundo. "She explained the problem to me": maneno ni yaleyale, limeongezwa "to" na mtu amesogezwa mwisho, na ubovu wote umeondoka. Kijiko je? "The problem was explained to me by the spoon." Umegeuza sentensi nzima kuwa ya kutendwa, na ushangao uko palepale. Ugeni wa maana huyafuata maneno popote uyapelekapo. Kosa la sarufi hubaki kwenye muundo, na muundo ukibadilika linatoweka.

Jaribu na "strong rain". Waingereza husema "heavy rain", na "There was strong rain last night" itawafanya wainue nyusi. Badilisha muundo: "The rain was strong last night." Bado si walivyozoea kusema, na kwa kiasi kilekile. Ugeni umewafuata "strong" na "rain" hadi kwenye sentensi mpya. Hapa hukuvunja kanuni ya sarufi. Umeoanisha maneno ambayo kwa kawaida hayaandamani. Dawa yake ni tofauti: "heavy rain" utajifunza kama jozi moja, ilhali "explain" utajifunza pamoja na mpangilio wake. Ukishaujua mpangilio huo utakufaa pia kwa "say", "suggest" na "describe", kwa kuwa vyote vinataka "to" kabla ya anayeambiwa. Angalia tu kwamba "She described me" yenyewe ni sentensi safi, ila maana yake ni kwamba alieleza mimi nikoje. Kamusi nzuri ya wanafunzi huonyesha mpangilio wa kila kitenzi chini ya neno lenyewe, nami ningependa uuangalie kabla hujasoma maana.

Jaribio la tatu ni kutafuta mazingira. Buni hadithi ya watoto ambamo vyombo vya jikoni vinazungumza. Ndani ya hadithi hiyo "The spoon explained the problem to me" inakuwa sentensi ya kawaida bila kubadilishwa hata herufi. Hakuna hadithi itakayoiokoa "She explained me the problem". Hata kijiko chenyewe kingepaswa kusema "to me".

Kuna ugeni wa aina nyingine ambao hautoki kwenye maana. "The book the teacher the students like wrote is long." Wengi huiita takataka. Lakini ijenge polepole: "The book the teacher wrote is long" ni sahihi. "The teacher the students like" nayo ni sahihi. Sentensi ndefu imeingiza ya pili ndani ya ya kwanza kwa kanuni ileile. Kilichoshindwa ni kumbukumbu ya msomaji, inayolazimika kushika nomino tatu kabla ya kupata kitenzi cha hata moja. Usiiandike hivyo, lakini usiiite kosa la sarufi.

Ukitaka kuthibitisha kwa maandishi ya watu, tumia hifadhi ya matini kama COCA, ambayo imekusanya Kiingereza cha Marekani. Usitafute sentensi nzima, maana sentensi nyingi zilizo sahihi hazijawahi kuandikwa na yeyote, na kutoziona hakuthibitishi chochote. Tafuta kipande cha muundo: "explained me the", kisha "explained to me the", ulinganishe. Mtandao wa kawaida haufai sana kwa kazi hii, kwa sababu umejaa maandishi ya wanafunzi wenzako.

Ukimuuliza aliyezaliwa na lugha hiyo, usimuulize "hii ni sahihi?" Atakujibu "hapana, hatusemi hivyo" kwa kijiko, kwa mvua na kwa "explained me", na hutajua ni kipi kati ya hivyo kilicho kosa la sarufi. Mpe sentensi mbili zinazotofautiana kwa kitu kimoja tu achague. Au muulize ni nani angeisema, na wakati gani. Pengine atakuambia kwamba "He don't know" husemwa kila siku na watu anaowafahamu. Hiyo ina sarufi yake katika lahaja zao, ingawa haifai kwenye mtihani wako.

Katika daftari, tumia alama za wanaisimu: * mbele ya sentensi iliyovunja sarufi, # mbele ya ile ambayo maana yake tu ndiyo ngeni, na ? kwa zile zinazobishaniwa. Hizo za mwisho zipo, wala si uzembe wako. "I am understanding you" hupigwa marufuku darasani, lakini "I am understanding more every week" hupita vizuri kwa sababu inaonyesha uelewa unaokua. Ya kwanza ningeiwekea ?. "I am knowing him" ningeiwekea *, ingawa muundo wa "am" na "-ing" hauna neno, kwani sijapata mazingira yanayoiokoa.