Maswali na Majibu: Makaa ya Mawe Huivishwa na Nini?

Bahi mvua zikinyesha kinajaa kinamasi, majani tele. Si yatakuja kuwa makaa ya mawe?

Hapana, kwa sababu kiangazi kinamasi hicho hukauka. Hewa ikiingia, bakteria na kuvu huyamaliza majani. Makaa ya mawe huanzia mahali maji yanaposimama mwaka mzima na kuzuia oksijeni, mimea ikalundikana upesi kuliko inavyooza. Lundo hilo la mboji nyeusi lazima pia lizame taratibu na kufunikwa na mchanga na udongo. Bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, lilikuwa hivyo zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita.

Mimi nachoma mkaa, tanuri linaiva kwa siku chache. Hayo ya mawe yanachelewa nini?

Moto wao ni mdogo. Ndani ya tanuri lako joto linapita nyuzi 400. Ardhini, sehemu nyingi, joto hupanda nyuzi 25 hadi 30 tu kwa kila kilomita unayoshuka. Tuseme juu ni nyuzi 25 na mboji imefukiwa kilomita 3: inapata nyuzi 100 hadi 115. Kwa joto hilo maji na kaboni dioksidi hutoka polepole, baadaye methani. Oksijeni na hidrojeni zikipungua, sehemu ya kaboni inakua. Mboji inakuwa lignaiti ya kahawia, kisha bituminasi nyeusi, na ikizidi kupata joto, anthrasaiti: ngumu, inang'aa, haichafui kiganja, na kaboni yake hupita asilimia 90.

Mwalimu wetu alisema ni mgandamizo. Wewe unasema joto. Tushike lipi?

Yote mawili, ila kazi zao si sawa. Mgandamizo hufanya yake mapema: hukamua maji na kushindilia, mboji ya mita 10 ikabaki tabaka la mita 1 hivi. Kupanda daraja, kutoka lignaiti hadi anthrasaiti, ni kemia, na hapo joto ndilo lenye usukani. Watu huvichanganya kwa kuwa kina huleta vyote pamoja.

Pa kuvitenganisha ni pale mwamba ulioyeyuka ulipopenya tabaka la makaa. Yaliyougusa hupanda daraja ghafla, mengine hugeuka koki kabisa, yaani kaboni ngumu inayobaki gesi zikishatoka. Ya pembeni, yenye uzito uleule juu yake, hubaki kama yalivyokuwa. Umri nao hautoshi. Makaa ya bonde la Moscow yana zaidi ya miaka milioni 300 na bado ni lignaiti, kwa sababu hayakuwahi kufukiwa kina kirefu.

Nikichimba kisima kirefu sana Chamwino, nitayakuta?

Utakuta graniti na jamaa zake, miamba ya zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilipoumbwa, nchi kavu haikuwa na mmea hata mmoja wa kufukiwa. Ukiyataka, panda basi uende kwenye migodi ya Ngaka au Kiwira.