Waya wa 5.5 kwenda 4.0 kwa dai moja

*Injinia, salaam. Tuko Changamwe, tunavuta waya wa misumari kutoka milimita 5.5 hadi 4.0 kwa dai moja, lile tundu gumu linalokondesha waya. Siku nyingine koili nzima inapita, siku nyingine waya unakatika kila baada ya dakika chache. Mota ina nguvu za kutosha. Shida ni chuma au dai?*

Salaam, ndugu yangu. Mota haina kosa, lakini pia haiwezi kukuokoa. Kinachokivuta chuma kipite kwenye dai ni waya uleule uliokwisha kutoka, na huo ndio mwembamba. Mkazo wa kuvuta ukifikia uwezo wake, hukatika hata mota ingekuwa kubwa mara mbili.

Anza na punguzo la eneo, wala si la kipenyo. 4.0 gawanya kwa 5.5, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe: unapata 0.53. Maana yake umeondoa asilimia 47 kwa mkupuo mmoja. Kwa chuma kikavu kinachovutwa kwa sabuni ya unga, wengi hukaa kati ya 20 na 30.

Mkazo wenyewe hukadiriwa hivi:

```
σ = Y × (1 + μ / tan α) × φ × ln(A0 / A1)
```

Y ni ukinzani wa wastani wa chuma kikiwa ndani ya dai, μ ni msuguano, na α ni nusu ya pembe ya dai. A0 ni eneo la waya kabla ya dai, A1 ni baada ya kutoka. φ ni kazi inayopotea chuma kikijipinda humo. Kwako iko karibu na 0.96. Nimechukua chuma laini cha kaboni kidogo, Y ya megapaskali 374, na α ya digrii 6. Waya unaotoka, ukishakuwa mgumu kwa kuvutwa, huhimili kama megapaskali 470.

Sabuni ikifanya kazi vizuri, μ huwa 0.05 na mkazo ni kama 337. Unapita. μ ikipanda hadi 0.1, mkazo unafika 446, yaani asilimia 95 ya uwezo, na hapo mkwaruzo mdogo au doa la kutu linatosha kuukata. Kwa 0.12 umeshavuka mpaka. Ndiyo maana siku zako hazifanani. Unyevu wa pwani hugandisha sabuni, waya unajichimbia njia ndani ya sanduku la sabuni na kupita bila kuigusa. Ukiona tundu hilo limesimama wazi, koroga unga au badilisha.

Dawa hasa ni kuvuta mara mbili: 5.5 hadi 4.7, kisha 4.0. Hata kwa μ ya 0.1, wa kwanza unatumia kama asilimia 51 ya uwezo wa waya, wa pili 60. Mimi sipendi kuvuka 70.

Itazame pia ncha iliyokatika. Ikiwa imenyooka na kukonda mbele ya dai, mkazo ulizidi. Upande mmoja ukiwa na shimo kama kikombe na mwingine una ncha kali, bila kukonda, chuma kilipasuka katikati. Hapo kagua pembe ya dai na ubora wa koili, maana kuongeza sabuni pekee hakutatosha.