Jasho la usiku si joto la Dar tu: mpeleke akapime TB

Mwezi wa pili hapa Dar kila mtu analoa jasho usiku, hasa umeme ukikatika na feni ikazima. Ndiyo maana mdogo wangu, kondakta wa daladala, alipolalamika kwamba anaamka amelowa, hakuna aliyeshtuka nyumbani Mbagala. Kilichonishtua mimi ni kwamba ilipofika Julai, wakati wengine tunajifunika shuka, yeye bado alikuwa anavua fulana iliyolowa chapachapa na kugeuza godoro. Jasho la TB linakuja hata usiku ukiwa na ubaridi, tena linalowesha matandiko. Kama katika chumba hichohicho mwenzake analala mkavu, usilisingizie joto.

Kikohozi nacho kilikuwa kimepita wiki tatu. Yeye alisema ni vumbi na moshi wa barabarani. Suruali zilikuwa zinamvuka, akatoboa tundu jipya kwenye mkanda, na hata hilo alilipa sababu: kazi ngumu, kula kwa kurukaruka. Kila dalili ikiwa peke yake ina maelezo yake. Zikikutana kwa mtu mmoja, nenda kapime. Tena kikohozi cha wiki mbili tu kinatosha kumpeleka mtu kupima, na kwa anayeishi na VVU hatusubiri hata hizo wiki mbili.

Wakati huo alikuwa ameshanunua dawa duka la dawa: ya maji ya kikohozi, amoksilini, na baadaye siprofloksasini aliyoshauriwa na abiria. Hapo pana mtego. Siprofloksasini na hasa ndugu yake levofloksasini huwapunguza nguvu vijidudu vya TB kwa muda bila kuwamaliza. Mtu anapata nafuu ya siku chache, anaahirisha kupima, na hata akipima vijidudu vinaweza kuwa vimepungua kiasi cha kutoonekana. Kwa hiyo ukifika kwa daktari, taja kila dawa uliyomeza. Maganda yake ukiwa nayo, beba.

Kwenye kliniki ya TB ya serikali vipimo na dawa ni bure. Kazi kubwa ni makohozi. Mdogo wangu alipewa kikopo chenye mfuniko, akaenda nyuma ya jengo, akarudi na mate meupe yenye povu. Muuguzi akakitazama tu akasema, "Kaka, haya ni mate. Nataka kitu cha kutoka kifuani." Akampa kikopo kingine aende nacho nyumbani.

Asubuhi, kabla ya kula, alisukutua kwa maji matupu. Akakaa nje penye hewa, mbali na watoto, akavuta pumzi ndefu, akaizuia kidogo, akaitoa; akarudia, kisha akakohoa kutoka chini kabisa. Kilichotoka kilikuwa kizito, cha rangi ya njano. Kiasi cha kijiko kimoja cha chai kinatosha. Kikopo kinafungwa vizuri na kupelekwa asubuhi hiyohiyo, kisiachwe juani.

Makohozi yaliingizwa kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo inatafuta vinasaba vya kijidudu chenyewe. Mashine yenyewe haimalizi saa mbili, ila foleni ndiyo inayokufanya usubiri. Inajibu maswali mawili kwa pamoja: TB ipo au haipo, na kama ipo, je, imeshakuwa sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya matibabu? Yake ilikuwepo, haikuwa sugu. Akapimwa na VVU, kama kila mgonjwa wa TB, akapimwa uzito kwa sababu idadi ya vidonge inafuata kilo, akaanza dozi ya miezi sita. Mkojo ukawa wa rangi ya chungwa, akanipigia simu amechanganyikiwa: "Dada, nakojoa damu!" Ni rifampisini tu, haina madhara. Ila macho yakiwa ya njano au kutapika kusikokwisha, hayo ni ya kurudi kliniki haraka.

Jibu likitoka kwamba hakuna TB na bado mtu anakohoa, anatoka jasho na kukonda, msiishie hapo. Pengine kikopo kilijaa mate. Ombeni kurudia kipimo na kupiga picha ya kifua. Daktari anaweza kuanzisha dawa kwa kuangalia picha na dalili hata kama mashine haikuona kitu.

Muuguzi pia aliuliza nani analala naye nyumba moja. Wote tukaitwa. Mtoto wetu wa miaka mitatu hakuwa na dalili yoyote, akachunguzwa, akapewa dawa ya kinga, kwa sababu watoto wa chini ya miaka mitano TB huwashambulia haraka na hawajui kutoa makohozi. Ukienda kupima na una mtoto wa umri huo ndani, mtaje siku hiyohiyo.