Minofu Inayotoa Maji, Kuku Mwenye Madoa Meupe

Nanunua mputa wabichi Masese, nakata minofu na kuigandisha kwenye friza yangu. Ikiyeyuka inatoa maji mengi na nyama inalegea. Minofu ya viwandani haiwi hivyo. Kwa nini? (Muuza samaki, Jinja)

Angalia muda ambao nyama inakaa kati ya nyuzi joto -1 na -5. Maji ya samaki yana chumvi na protini, kwa hiyo huanza kuganda karibu na -1, na ikifika -5 takribani robo tatu yake yameshakuwa barafu. Nyama ikipita hapo upesi, chembe za barafu huzuka nyingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila moja hubaki ndogo. Ikikawia, huzuka chache tu, nje ya seli. Maji yaliyobaki pale nje yanazidi kukolea chumvi, nayo huvuta maji ya ndani ya seli, ambayo yanakwenda kuinenepesha barafu ile ile. Seli zinanywea, tando zake zinachanika, na protini inaharibiwa na chumvi iliyokolea. Ukiyeyusha samaki, protini hiyo haiwezi tena kuyashika maji yake. Ndiyo hayo unayoyakuta kwenye beseni, na ni uzito uliokwisha kuulipia.

Lakini samaki aliyelala bila barafu tangu alfajiri atatoa maji hata ukimgandisha kiwandani, kwa hiyo anza na ubichi wake.

Nigandishe upesi zaidi kwa kushusha friza kutoka -20 hadi -30, au kwa kupunguza unene wa pakiti? (Mwanafunzi wa uhandisi wa chakula, Kampala)

Punguza unene. Tumia kanuni ya Plank kwa pakiti bapa inayopoa pande zote mbili:

t = (ρL/ΔT) × (a/2h + a²/8k)

Chukua pakiti ya samaki ya unene wa sm 6, yaani a = 0.06 m. Weka msongamano wa samaki ρ = 1050 kg/m³, joto la kuondoa ili agande L = 250,000 J/kg, upitishaji joto wa nyama iliyoganda k = 1.5 W/m·K, na kasi ya hewa kuchukua joto kwenye uso wa pakiti h = 10 W/m²·K kwa hewa iliyotulia. Samaki anaanza kuganda kwenye -1, hivyo katika friza ya -20, tofauti ya joto ΔT ni 19. Jibu ni karibu saa 12.7. Ukishusha friza hadi -30 unapata saa 8.3. Ukibaki na -20 lakini ukatandaza minofu hadi sm 3, ni saa 6 tu, wala hukuongeza senti moja ya umeme.

Sasa tazama ndani ya mabano. Sehemu ya hewa, a/2h, ni 0.003, na sehemu ya nyama, a²/8k, ni 0.0003. Kinachokuchelewesha ni hewa. Ndiyo maana feni inayopandisha h hadi 25 huleta pakiti ile nene kwenye saa 5.8 hivi bila kugusa joto la friza. Sahani za chuma za -35 zinazobana samaki pande zote mbili, zenye h ya 100, humaliza kazi kwa saa moja na robo hivi.

Kumbuka kanuni hii haihesabu muda wa kupoza samaki kabla hajaanza kuganda, wala ule wa kumshusha hadi -20 baadaye, kwa hiyo saa halisi ni nyingi zaidi. Nayo inachukulia kuwa friza inabaki -20. Ukiijaza samaki wa vuguvugu kwa mkupuo, haitabaki. Friza nyingi huandikwa kwenye kibandiko uwezo wake wa kugandisha, kwa kg/24h, usivuke hapo.

Kuku wangu ametoka kwenye friza na madoa meupe, makavu. Ameoza? (Mama wa nyumbani, Arua)

Hajaoza, mama. Amekauka. Barafu ya juu ya nyama hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza, na pale ilipotoka panabaki vitundu vitupu. Hewa ikiingia humo, mafuta yanachacha. Ule ukungu wa barafu ndani ya mfuko ni maji ya kuku huyo huyo. Kata sehemu kavu, pika iliyobaki.

Mara nyingine funga mfuko ugusane na nyama, utoe hewa yote. Samaki mzima akishaganda, mchovye upesi kwenye maji ya barafu. Ganda litakalomshika ndilo litakalokauka kwanza badala ya nyama.

Nikishagandisha upesi, barafu ndogo itabaki ndogo? (Mwenye duka, Kampala)

La. Joto likipanda na kushuka, chembe ndogo huyeyuka kwanza, na maji yake huganda tena juu ya zile kubwa. Umeme ukikatika, usifungue friza. Ikiwa imejaa huhimili takribani saa 48, ikiwa imejaa nusu tu, takribani saa 24. Nyama ambayo bado ina barafu ndani unaweza kuigandisha tena, ila iuze au ipike kwanza kabla ya nyingine, kwa sababu itatoa maji zaidi.